Mteja Bado Yuko Ndani

Mtu akikaa chini ya draya ya kukaushia nywele, kitu cha kwanza kumpotea ni sauti yake mwenyewe. Anadhani ananong'ona, kumbe anahutubia. Konadu alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale Kumasi, na kila mteja mgeni alimwonya kabla ya kumshushia ile kofia ya moto: ukiwa humu funga mdomo, tikisa kichwa tu. Na bado, siku ile, ni yeye mwenyewe Konadu aliyeinama mbele ya Dufie akamuuliza kwa midomo mitupu, "Lini?"

"Ijumaa," Dufie akajibu. "Kaka yangu atakuja na gari. Ofosu akishaenda dukani tu, mimi na mtoto tunaondoka. Safari hii sirudi, dada. Bora nife kwetu."

Dirisha lilikuwa wazi. Lilikuwa wazi kwa sababu asubuhi ile Konadu alikuwa amemtia Dufie dawa ya kulainisha nywele, na dawa ile harufu yake inakaba. Binti ya Konadu, Nhyira, ana pumu, na wote watatu, baba, mama na mtoto, walilala chumba hichohicho cha saluni, nyuma ya pazia. Kwa hiyo sheria ya Konadu ilikuwa moja: dawa ikifunguliwa, dirisha halifungwi mpaka jioni, na mtoto yeyote hatii mguu ndani mpaka kichwa kioshwe na kopo lifunikwe. Alikuwa mkali kwa hilo. Upande wa pumu alikuwa amejilinda kabisa. Upande wa masikio ya watu alijisahau, na dirisha lenyewe linatazama uani, penye kinu.

Na kinu kikanyamaza.

Mama Birago alikuwa pale akigeuza fufu, ugali wa muhogo wa kutwanga, huku mpangaji mmoja akitwanga. Mama Birago ndiye mwenye nyumba, na Ofosu, mume wa Dufie, ni mwanawe wa kumzaa. Mchi uliposimama, Konadu aligeukia dirisha. Akazima draya.

"Mbona umezima? Bado mbichi," Dufie akasema, sasa kwa sauti yake ya kawaida. Kisha akaiona sura ya Konadu. "Nimesema kwa nguvu?"

"Uani wamesikia."

Dufie hakulia. Aliushika mkono wake wa kushoto, ule uliovunjika mwaka juzi ukaunga vibaya, akaukumbatia kifuani kama mtu anayeficha mzigo. Konadu alitamani ardhi impasukie. Katika nyumba ile yenye wakwe, mawifi na wapangaji wa kila namna, chumba hiki ndicho mahali pekee Dufie alipoweza kukaa bila mtu kumtazama mdomoni. Alikuja hata siku ambazo kichwa chake hakikuwa na haja ya kitu. Na Konadu alikuwa amemponza kwa neno moja la umbea, maana tuseme kweli, ule ulikuwa umbea. Angeweza kusubiri.

"Adoma yuko wapi?" Konadu akauliza.

"Yuko nje na bibi yake."

Konadu akatoka. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kinu, mwaka mmoja na nusu, amejipaka muhogo mpaka kwenye nyusi. Mama Birago alikuwa bado mkono umo ndani ya kinu, hajauchomoa, anafikiri.

"Mama, naomba nimchukue mtoto," Konadu akasema. "Mama yake maziwa yamemjaa, yanamuuma."

Wapangaji walikuwa wanatazama. Mtoto wa kunyonya huwezi kumnyima titi mbele za watu. Mama Birago akamwangalia Konadu kutoka juu mpaka chini, bila haraka.

"Mchukue," akasema. "Leo nywele za mke wa mwanangu zina maneno mengi."

Konadu akamwinua mtoto, akaingia naye, akavuta pazia la mlangoni. Kupitia dirishani alimwona Mama Birago akinawa mikono, akijifuta kwa upindo wa kitenge, akiitafuta simu yake kiunoni. Duka la Ofosu la vipuri lilikuwa Suame, si mbali.

"Mpigie kaka yako," Konadu akasema. "Mwambie si Ijumaa. Leo."

Kaka alikuwa Obuasi. Alisikiliza, akatukana kidogo, kisha akasema lazima kwanza amtoe mjomba wao shambani, kwa sababu akija peke yake itaonekana amekuja kugombana. Akija na mzee, ni ukoo umekuja kumchukua mtu wake na mtoto wake, na pale hakuna wa kubisha, kwani kwa mila yao mtoto ni wa ukoo wa mama. Angefika giza likiingia. Jua lilikuwa bado la saa nane.

Dufie akaweka simu chini. "Nikitoka hapo nje sasa, kaka yangu atakuta maiti."

Konadu akatazama pazia la mlangoni. Kitambaa cha bei rahisi, kimefifia kwa kufuliwa. Lakini pazia lile lilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo hakuitunga yeye. Alipoomba ruhusa ya kufungua saluni chumbani, Mama Birago alimpa masharti mbele ya wapangaji wote: maji ya kichwa yasimwagwe kwenye mfereji wa uani, nywele zisitupwe ovyo watu wakaanza kutuhumiana uchawi, na mwanamume yeyote asivuke pazia mteja akiwa ndani. Awe mpangaji, awe mume wa mtu, awe nani. Nyumba yake ni ya heshima. Na hakusema kwa mdomo tu. Kuna fundi redio mmoja aliyechungulia mwanamke akioshwa kichwa, kitenge kimeshuka begani. Mama Birago alimtupia vitu vyake nje ya geti, redio za watu kwa godoro, na siku nzima akawa anausimulia mkasa ule kwa kila aliyekuja kuchota maji.

"Mteja akiwa ndani," Konadu akasema, akijisemea.

"Nini?"

"Wewe ni mteja. Usipoisha, hutoki. Na usipotoka, yeye haingii."

"Nywele za rola hizi zinakauka kwa saa moja, dada."

"Sikutoi kwa rola. Nitakusuka rasta. Zile ndogondogo."

Dufie akamgeukia taratibu. Rasta ndogondogo, zile nyembamba kama uzi wa nyavu, humaliza mchana mzima na kipande cha usiku. Kila mwanamke anajua. Lakini kila mwanamke anajua na lingine: kichwa kilichotiwa dawa leo hakisukwi leo. Nywele zinakuwa zimelegea kama tambi zilizoiva kupita kiasi, ngozi imefunguka, ukivuta inatoka na mzizi. Konadu huwaambia wateja wake wangoje wiki mbili angalau, na anayebisha humfukuza. Yeye hasuki kichwa cha dawa. Ni jina lake hilo mjini.

"Nitakukatakata nywele," akasema. "Nakuambia mapema. Za mbele hapa huenda zisiote tena."

"Suka," Dufie akasema.

Akatoa rola, akafungua pakiti ya rasta nyeusi, akaanza kisogoni.

Ofosu alifika kabla Konadu hajamaliza mstari wa kwanza. Walimsikia akiegesha pikipiki, wakamsikia mama yake akimweleza, kisha viatu. Vikasimama mlangoni. Kivuli chake kikajaa kwenye pazia.

"Dufie. Toka."

Dufie akafungua mdomo, Konadu akambana bega. Akaenda yeye, akatoa kichwa tu nje, mkono mmoja bado umeshika rasta.

"Shemeji, karibu. Mteja yuko ndani."

"Mteja gani? Yule ni mke wangu."

"Humu ndani ni mteja. Kichwa kiko nusu, bega liko wazi. Masharti ya mama unayajua."

"Usinichezee, Mama Nhyira."

"Nikuchezee mimi na ukubwa huo? Muulize mama hapo. Nimvunjie sheria yake? Aniambie tu."

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye bomba la maji uani. Wanawake wa bombani wakaacha ndoo zijae zimwagike. Ofosu akamgeukia mama yake. Mama Birago alikuwa amesimama katikati ya uani mikono kiunoni, na Konadu aliona waziwazi jinsi yule fundi redio alivyompita kichwani. Wapangaji wote walikuwapo siku ile. Wote walikuwa wanamtazama sasa.

"Kaa usubiri," Mama Birago akamwambia mwanawe. "Nywele zina mwisho."

Ofosu akavuta benchi, akaliweka mlangoni kabisa, akakaa. Pazia liligusa goti lake kila upepo ulipovuma.

Basi Konadu akasuka. Aliwahi kusuka kwa haraka, aliwahi kusuka kwa uchovu, hakuwahi kusuka kwa hofu. Aligawa nywele nyembamba kuliko alivyowahi kugawa, na zilimjibu kama alivyojua zitamjibu: zilikatika. Kila mara alipobana mzizi, vipande vilibaki kwenye vidole vyake vimeshikamana. Ngozi ya Dufie ikaanza kuwa nyekundu pembezoni, mahali ambapo asubuhi alikuwa amempaka mafuta mazito ili dawa isimchome. Konadu alimlinda asubuhi, mchana anamchuna kwa mikono yake mwenyewe. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono haikuwa na nafasi.

"Unalia nini?" Dufie akanong'ona. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake.

"Nakuharibu."

"Zitaota."

"Kama hazitaota?"

"Nitavaa kilemba. Wewe suka."

Nhyira akarudi kutoka shule. Konadu akamsikia akiamkia watu uani kwa sauti ile iliyoanza kukwaruza, akajua vumbi la njiani limemkaa kifuani. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani, juu ya kabati. Mama mtu akaipitisha dirishani, akamwambia aende akakae kwa jirani na asikaribie mlango.

"Mama, kwa nini Baba Adoma amekaa mlangoni kwetu?"

"Anamsubiri mke wake. Vuta dawa yako, nikuone ukivuta."

Mtoto akavuta, akaenda. Aliusimamisha mkono juu ya kichwa cha mwenzake na kujiuliza kama amerukwa na akili, kumweka mtoto wake nje kwa ajili ya mtoto wa mwingine.

Jua lilipokuwa linaegemea ukuta, dirishani akatokea Boadi, mumewe. Boadi ni mchoma mikate. Huingia kazini watu wakiwa katika usingizi mtamu na kurudi adhuhuri, na kwa kuwa adhuhuri chumba chake cha kulala ni saluni, hulala kwenye ubao barazani kwa jirani, nzi wakimtembelea usoni. Miaka minne sasa. Hakuna siku aliyoacha kulalamika. Alisema ameoa mke akapewa foleni. Alisema anajua harufu ya vichwa vya Kumasi nzima kuliko ya mkewe. Konadu alikuwa amezoea kucheka.

Leo hakuna aliyecheka. Boadi aliegemea nondo za dirisha, macho mekundu, ameamshwa na habari.

"Unafanya nini, Konadu?"

"Nasuka."

"Tutatolewa. Unajua tutatolewa?"

"Najua."

"Tutakwenda wapi? Wapi tutapata chumba mtu akuruhusu kuosha vichwa ndani yake, mtoto mwenyewe ana kifua kile, mimi mwenyewe mshahara wa unga? Umeniuliza mimi?"

"Hakukuwa na nafasi ya kuuliza."

"Ndivyo mnavyosema siku zote. Mpe mwenzako mke wake yaishe. Watapatana. Walipatana mara ile."

Dufie alikuwa anasikia kila neno. Akainua tu ule mkono wa kushoto, akauonyesha dirishani, ulivyopinda. Boadi akautazama, akatazama pembeni, akaondoka. Konadu akaona mgongo wake ukienda upande wa geti na ikamwingia kwamba yuko peke yake kabisa. Maumivu hayo yalikuwa mapya. Mume mlalamishi alimzoea. Mume aliyekwenda hakumjua.

Giza likaanza. Konadu akabonyeza swichi, umeme hakuna. Nje taa za wengine zilikuwa zinawaka, kwa hiyo mtu alikuwa ameifikia mita yake. Akawasha tochi ya simu, Dufie akaishika juu ya kichwa chake mwenyewe kwa mkono mzima, akimnyonyesha mtoto kwa upande wa mkono mbovu. Kaka hakupokea simu. Kisha simu yake ikawa haipatikani. Nusu ya kichwa ilikuwa bado, na vidole vya Konadu vilikuwa vimeanza kukakamaa vyenyewe, havifunguki mpaka avikunjue kwa meno.

Ndipo akasikia kitu kinang'olewa ukutani, nje, kando ya mlango.

Alichungulia. Mama Birago alikuwa ameshika kibao cha saluni ya Konadu kilichochorwa kichwa cha mwanamke chenye shingo ndefu. Misumari ilikuwa bado inaning'inia. Mama Birago akakiinua ili uani wote waone, na aliposema hakupandisha sauti, maana si mwanamke wa kupayuka.

"Nyote mnisikie. Niliruhusu saluni, na saluni nikaiwekea sheria. Sasa saluni nimeifuta. Haipo. Na kama saluni haipo, hakuna mteja. Hiki ni chumba tu cha nyumba yangu. Ofosu, ingia ukamtoe mkeo."

Konadu mwenyewe, pamoja na hofu yote, aliona jinsi jambo lilivyokatwa sawasawa. Alirudi nyuma mpaka kwenye kiti, akasimama mbele ya Dufie na mtoto akiwa ameshika kitana cha mkia, kitu cha kipuuzi, lakini ndicho kilichokuwa mkononi. Ofosu akainuka kwenye benchi. Vidole vyake vikashika ukingo wa pazia.

"Bwana Ofosu."

Ilikuwa sauti ya Boadi. Hakuwa amekwenda popote. Alikuwa amechuchumaa gizani karibu na geti muda wote ule, na sasa alikuja kwa mwendo wa mtu anayerudi kulala, ndala zikiburuta. Akapita kati ya Ofosu na mlango, akaketi kwenye kizingiti, akanyoosha miguu.

"Mama," akasema, "nimekusikia vizuri? Saluni haipo?"

"Haipo."

"Ahsante. Miaka minne nimeomba hilo. Sasa kama saluni haipo, humu ndani ni chumba changu cha kulala. Nimelipia mpaka mwisho wa mwezi. Kitanda changu kimo, na mke wangu yumo, gizani." Akamwinulia Ofosu macho. "Unataka kuingia chumbani ninapolala na mke wangu?"

"Usilete ujinga. Namfuata wangu."

"Wako ni mgeni wa mke wangu. Ukinipiga nitapigika, mimi si mtu wa vita. Ila kesho wazee watauliza ulikuwa unaingia wapi, nawe utawajibu: chumbani kwa Boadi, alimo mke wa Boadi. Na unajua faini ya neno hilo, na unajua jina atakalobaki nalo mama yako, mwenye nyumba ya heshima."

Kwenye bomba mwanamke mmoja akacheka, akajizuia, mwingine akaendeleza. Ofosu akapandisha mkono. Konadu aliona kivuli cha mkono ule kwenye pazia, na kivuli cha kichwa cha mumewe chini yake, hakisogei.

"Ofosu," Mama Birago akasema. "Achia pazia."

Akaliachia. Lakini hakwenda, akakaa tena kwenye benchi, na Boadi akabaki kizingitini, wanaume wawili wakitazamana magoti. Walikuwa hivyohivyo wakati gari lilipopiga honi nje ya geti, na kaka mtu akaingia pamoja na mzee mwembamba aliyejifunga kitambaa chake cha shughuli begani. Mzee alisalimia nyumba yote, akaomba maji, akayanywa, kisha akasema amekuja kumchukua mtoto wa dada yake na mjukuu wake, na mengine yatazungumzwa siku yake.

Dufie alitoka na Adoma mgongoni. Upande mmoja wa kichwa rasta zilishuka mpaka begani, upande mwingine nywele zilisimama fupi, zimekatika, ngozi inaonekana. Konadu alimfungia kitambaa mbio mbio kabla hajavuka pazia. Dufie alimshika tu vile vidole vilivyokakamaa, akavibana, akapita katikati ya uani bila kutazama mtu.

Mama Birago akasubiri gari liondoke. "Mwisho wa mwezi," akamwambia Boadi.

"Tumesikia, Mama."

Wakaingia ndani watatu. Boadi alirudisha taa, Nhyira akalala mara moja. Konadu akaisukuma draya ukutani, akakikunja kiti, akaliondoa lile pazia la ndani lililogawa chumba, na chumba kikawa kikubwa, cha kawaida, chumba cha watu wenye ndoa. Boadi akajilaza kitandani mwake akatandaza mikono, kama alivyosema kila siku kwamba angefanya akikirudishiwa.

"Kina nafasi," akasema.

Konadu akaketi ukingoni na akaanza kulia. Hakumlilia Dufie, Dufie alikuwa njiani kwenda kwao. Aliililia saluni yake, wateja wake, kibao chake, na hakuona haya hata kidogo. Boadi akasogea ukutani kumpa nafasi ya kulala.